Gawio lilipanda au halikupanda? Namna ya kusoma tangazo la mkutano mkuu wa kampuni

Julai 2023 wanahisa wa Safaricom waliombwa waidhinishe gawio la mwisho la senti 62 kwa kila hisa. Julai 2024 wakaombwa waidhinishe senti 65. Mtu akiweka matangazo hayo mawili mezani na kusoma mstari huo peke yake, ataandika kwamba gawio la Safaricom lilipanda kwa senti 3. Atakuwa amekosea, ingawa kila tarakimu aliyoinukuu ni sahihi.

Gawio la mwaka mzima halikusogea hata senti moja. Katika mwaka wa fedha ulioishia 31 Machi 2023 kampuni ilitoa gawio la awali la senti 58, kisha la mwisho la senti 62. Mwaka uliofuata ilitoa senti 55, kisha senti 65. Jumla ni shilingi 1.20 mara zote mbili. Kilichobadilika ni namna fedha hizo zilivyogawanywa kati ya malipo ya kwanza na ya pili. Na ukirudi nyuma mwaka mmoja zaidi, kwenye mwaka ulioishia Machi 2022, unakuta senti 64 na senti 75, yaani shilingi 1.39. Picha kamili basi ni ya gawio lililoshuka kisha likasimama palepale.

Taarifa zote hizo zimo ndani ya matangazo yenyewe, kwa kuwa aya ya gawio hutaja malipo yote mawili. Ila huyataja kwa lugha tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kusoma waraka mzima. Wanahisa huombwa watambue gawio la awali na waidhinishe gawio la mwisho. Kutambua maana yake jambo limekwisha kufanyika: wakurugenzi waliamua wenyewe, fedha zilishalipwa, na mkutano hauna la kupinga. Kuidhinisha maana yake bado ni pendekezo. Ukisoma ajenda yoyote ya mkutano mkuu, kabla ya kunakili jina au tarakimu, jiulize kwanza wanahisa wanaombwa kufanya nini juu ya jambo hilo. Jibu litakuonyesha kama unachonakili ni tukio lililokwisha kutokea au nia ya bodi.

Nimeichagua Safaricom kwa sababu ni kampuni yenye wanahisa wengi wa kawaida, na matangazo yake hufuata mtindo uleule unaotumiwa na karibu kila kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mtindo huo unatokana na Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015. Tangazo hutolewa angalau siku 21 kabla ya mkutano, na ajenda yake kwa kawaida hupita njia moja: taarifa za fedha, gawio, wakurugenzi, wakaguzi wa hesabu, na mwisho shughuli maalumu kama zipo. Aliyezoea tangazo la kampuni moja anaweza kulisoma la nyingine bila kupotea.

Turudi kwenye gawio, kwa kuwa hapo ndipo sentensi moja hubeba mambo mengi zaidi. Aya ya gawio katika tangazo la 2024 ilisema, kwa maana yake, kwamba wanahisa watambue gawio la awali la senti 55 lililolipwa mnamo 31 Machi 2024 au karibu na siku hiyo, na waidhinishe gawio la mwisho la senti 65 kwa mwaka ulioishia 31 Machi 2024, litakalolipwa mnamo 31 Agosti 2024 au karibu na siku hiyo kwa wale watakaokuwa katika daftari la wanahisa hadi kufunga kazi tarehe 31 Julai 2024.

Tarehe ya kufunga daftari ndiyo inayowachanganya watu. Wengi hudhani ukinunua hisa tarehe 31 Julai asubuhi umewahi. Katika soko la Nairobi, mauzo ya hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya siku ya kununua, na jina lako huingia kwenye daftari wakati huo. Mwaka 2024 tarehe 31 Julai iliangukia Jumatano. Ukihesabu siku tatu za kazi kurudi nyuma unapata Ijumaa 26 Julai. Aliyenunua Ijumaa hiyo aliingia daftarini Jumatano, kwa hiyo gawio ni lake. Aliyenunua Jumatatu 29 Julai aliingia Alhamisi, na gawio likabaki kwa aliyemuuzia. Siku hiyo ya mwisho ya kununua haiandikwi katika tangazo. Lazima uihesabu mwenyewe, ukiruka siku za mapumziko na sikukuu.

Maneno “au karibu na siku hiyo” nayo yana kazi yake. Tarehe 31 Agosti 2024 ilikuwa Jumamosi. Kampuni haijiahidi siku kamili, na anayeandika kwamba gawio lililipwa 31 Agosti anaandika zaidi ya alichoambiwa. Kama unaweka kumbukumbu, andika kwamba hiyo ni tarehe iliyopangwa.

Kisha kuna kodi. Senti 65 ni kiwango kabla ya kodi ya zuio. Mwenye hisa 2,000 anastahili shilingi 1,300. Kama ni mkazi wa Kenya, asilimia 5 hukatwa kabla hajalipwa, yaani shilingi 65, na anapokea 1,235. Kiwango hichohicho cha asilimia 5 huwahusu raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo Mtanzania au Mganda mwenye hisa hizo hakatwi zaidi ya Mkenya. Kwa mgeni mwingine asiye mkazi, kodi ni asilimia 15. Hukatwa shilingi 195, akabaki na 1,105. Ukiona fedha zilizoingia kwenye akaunti au simu yako hazilingani na tangazo, anza kwa hesabu hii kabla ya kumpigia simu msajili wa hisa.

Kipo pia ambacho tangazo halisemi kabisa: gawio hilo linailemea kampuni kiasi gani? Safaricom ina hisa 40,065,428,000. Zidisha kwa shilingi 1.20 unapata takriban shilingi bilioni 48.08 kwa mwaka. Faida halisi ya kundi zima kwa mwaka ulioishia Machi 2024 ilikuwa karibu bilioni 42.7. Msomaji anayekimbilia hitimisho atasema kampuni iligawa kuliko ilichopata. Lakini faida ya kundi ilikuwa imebeba hasara za mwanzo za biashara ya Ethiopia, iliyofunguliwa kwa wateja Oktoba 2022, na sehemu ya hasara hizo ni ya wabia wengine wenye hisa katika kampuni ya kule. Ukiiondoa sehemu ya wabia hao, faida inayowahusu wanahisa wa Safaricom ilikuwa karibu bilioni 63. Gawio linapaswa kupimwa kwa tarakimu hiyo ya pili, nayo haimo katika tangazo. Iko katika taarifa za fedha ambazo kipengele cha kwanza cha ajenda kinakuomba uzipokee.

Na usisahau kwamba pendekezo linaweza kufa. Machi 2020 bodi ya Equity Group ilipendekeza gawio la shilingi 2.50 kwa hisa kwa mwaka 2019. Korona ikaingia, na Mei mwaka huohuo bodi ikaliondoa pendekezo hilo ili benki ibaki na fedha zake. Waliokuwa wameshaandika kwamba Equity imelipa 2.50 kwa mwaka 2019 waliacha kumbukumbu ya malipo ambayo hayakuwahi kutokea, na bado unaweza kukutana na majedwali ya namna hiyo. Upande wa pili, wanahisa hawawezi kuinuka mkutanoni na kujiongezea gawio. Katiba za makampuni haya huwaruhusu kukubali kiwango kilichopendekezwa na wakurugenzi au kukipunguza, wala si kukizidisha.

Tuje kwa wakurugenzi. Hapa kosa linalorudiwa kuliko yote ni kudhani kwamba mkurugenzi anayestaafu kwa zamu anaondoka. Katiba ya kampuni husema kwamba kila mwaka sehemu ya wakurugenzi, mara nyingi theluthi yao, waachie viti mkutanoni ili wanahisa wawapime. Tangazo husema fulani anastaafu kwa zamu kwa mujibu wa ibara fulani ya katiba na, kwa kuwa anastahili, anajitokeza kuchaguliwa tena. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ndiyo inayofika kwenye vichwa vya habari, nusu ya pili ndiyo yenye ukweli. Mtu huyo anataka kubaki, na karibu kila mara hubaki. Anayeondoka kweli hutajwa kwa namna nyingine: anastaafu kwa zamu na hajitokezi kuchaguliwa tena. Neno “hajitokezi” ni dogo kwenye ukurasa uliojaa majina, na ndilo la kutafuta.

Ipo njia ya pili ya jina kuingia katika ajenda. Bodi inaweza kujaza nafasi katikati ya mwaka bila kuitisha wanahisa, lakini mtu huyo lazima asimame mbele yao katika mkutano unaofuata. Tangazo litasema aliteuliwa tarehe fulani kujaza nafasi na sasa anaomba kuchaguliwa. Hapo una tarehe mbili zenye maana tofauti. Alianza kuwa mkurugenzi siku bodi ilipomteua, na alithibitishwa siku ya mkutano. Ukimwandikia wasifu wake kwa kutumia tarehe ya mkutano, umempunguzia miezi ya utumishi, na kama katika miezi hiyo bodi ilipitisha uamuzi mzito, umemwondoa kwenye uamuzi alioshiriki.

Utaona pia jina moja likijitokeza mara mbili katika ajenda moja. Si kosa la uchapaji. Kifungu cha 769 cha Sheria ya Makampuni kinataka wajumbe wa kamati ya ukaguzi ya bodi wapigiwe kura na wanahisa, kwa hiyo mkurugenzi anaweza kuchaguliwa kwenye bodi katika kipengele kimoja na kwenye kamati katika kingine. Orodha hiyo ya kamati ina thamani kuliko inavyoonekana. Ndiyo inayokuonyesha nani ndani ya bodi anakaa karibu na hesabu. Linganisha orodha ya mwaka huu na ya mwaka jana. Jina likitoweka kwenye kamati huku mwenyewe akibaki kwenye bodi, kuna mabadiliko ambayo hayakutangazwa kwa sentensi yoyote. Vilevile, ukiona azimio linalojitegemea kuhusu mkurugenzi aliyefikisha miaka 70, jua linatokana na kanuni za utawala bora za 2015 za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, zinazotaka wanahisa waridhie aendelee. Kwa msomaji ni taarifa ya umri, na mara nyingi ni dalili kwamba bodi inakaribia kutafuta mrithi.

Lakini tangazo la mkutano mkuu huonyesha bodi mara moja kwa mwaka tu, na mwaka una mambo. Safaricom yenyewe ni mfano mzuri. Michael Joseph alikuwa mwenyekiti hadi mwisho wa Julai 2022. Agosti akaingia John Ngumi. Desemba mwaka huohuo Ngumi akaondoka, na nafasi ikachukuliwa na Adil Khawaja. Uenyekiti wa Ngumi ulianza baada ya mkutano mkuu wa 2022 na kuisha kabla ya ule wa 2023. Mtu anayejenga orodha ya wenyeviti wa Safaricom kwa kutumia matangazo ya mikutano mikuu peke yake ataruka kutoka kwa Joseph hadi kwa Khawaja, na Ngumi hatakuwepo kabisa. Pengo la namna hii huzibwa na taarifa ambazo kampuni iliyoorodheshwa hutakiwa kutoa sokoni kila bodi inapobadilika. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kati ya matangazo mawili ya mwaka hadi mwaka, lazima nipitie taarifa zote zilizotolewa katikati kabla ya kuandika kwamba bodi haikubadilika.

Kipengele cha wakaguzi wa hesabu ndicho kifupi kuliko vyote, na wengi hukiruka. Katika tangazo la Safaricom la 2024, mkaguzi alikuwa Ernst & Young, na kipengele kilitaja vifungu viwili vya sheria: cha 721, kinachohusu kuwekwa kwa mkaguzi, na cha 724, kinachohusu malipo yake. Kwa kawaida wanahisa hawapangi malipo hayo. Huwapa wakurugenzi mamlaka ya kuyapanga. Ukitaka kujua mkaguzi alilipwa kiasi gani, tangazo halitakusaidia. Fungua maelezo ya taarifa za fedha, kwenye sehemu ya gharama za uendeshaji, utakuta mstari wa malipo ya mkaguzi.

Ukisoma kwamba mkaguzi anaendelea na kazi, hiyo ndiyo hali tulivu: sheria inamruhusu kuendelea bila kinyang'anyiro. Ukisoma kwamba kampuni fulani inateuliwa badala ya nyingine, simama hapo. Mabadiliko mengi hayana ubaya wowote. Kampuni mama inapobadilisha mkaguzi, kampuni tanzu nazo hufuata ili hesabu zote zikaguliwe na mkono mmoja, na bodi nyingine hubadilisha kwa sababu mkaguzi amekaa muda mrefu mno. Cha kuangalia ni namna wa zamani anavyoondoka. Kumwondoa mkaguzi, au kumweka mwingine mahali pake, huhitaji notisi maalumu, ya angalau siku 28 kabla ya mkutano, na ukiona notisi hiyo ikitajwa ujue jambo halikuja kimyakimya. Kama amejiuzulu, sheria inamtaka aeleze mazingira ya kuondoka kwake, kwa hiyo tafuta maelezo hayo. Mkaguzi anayeondoka katikati ya mwaka, kabla hesabu hazijakamilika, ni habari nzito kuliko yule anayeondoka mkutanoni baada ya kusaini.

Angalia pia mwaka unaohusika. Mkaguzi anayeteuliwa katika mkutano wa Julai 2024 atakagua mwaka unaoishia Machi 2025. Hesabu zilizowasilishwa katika mkutano huo zilikaguliwa na aliyekuwepo kabla yake. Mkaguzi anapobadilika, majina yote mawili yanaweza kuwa kwenye ukurasa mmoja wa tangazo, na ni rahisi sana kumpachika mpya kwenye hesabu asizozigusa.

Baada ya mkutano hutoka waraka wa pili, ambao husomwa na wachache zaidi: matokeo ya kura. Huo ndio unaogeuza mapendekezo kuwa maazimio. Azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na gawio, wakurugenzi na wakaguzi huangukia humo. Azimio maalumu, kama la kubadilisha katiba ya kampuni, huhitaji angalau asilimia 75.

Kwa Safaricom ya 2024, kujua kama azimio la kawaida lilipita si habari kubwa. Serikali ya Kenya ilikuwa na asilimia 35 ya hisa na Vodafone Kenya karibu asilimia 40. Wawili hao wakikubaliana, jambo limekwisha kabla ya mkutano kufunguliwa. Habari iko kwenye kura za kukataa. Tuseme kila hisa imepigiwa kura, na mkurugenzi mmoja amepata kura za kukataa asilimia 5. Ukiitazama juu juu utasema amepita kwa kishindo, kwa asilimia 95. Lakini kama wenye hisa wakubwa wawili wamemkubali, kura zote hizo 5 zimetoka katika asilimia 25 iliyobaki mikononi mwa umma. Mmoja katika kila watano wa upande huo, kwa uzito wa hisa, amemkataa. Mkurugenzi wa pili katika ajenda ileile akiwa na asilimia 0.3 ya kukataliwa, tofauti kati yao inastahili kuulizwa: alihudhuria vikao vingapi, anakaa kwenye bodi ngapi nyingine, ana uhusiano gani na mwenye hisa mkubwa. Idadi ya vikao alivyohudhuria huwa kwenye ripoti ya mwaka, katika jedwali la mahudhurio ya bodi.

Kwa anayeweka kumbukumbu za kampuni kadhaa, nashauri kila jambo liandikwe na hali yake: limependekezwa, limeidhinishwa, au limetekelezwa. Gawio la senti 65 liliingia kwenye hali ya kwanza matokeo ya mwaka yalipotangazwa Mei 2024, la pili siku ya mkutano wa Julai, la tatu fedha zilipotoka. Mkurugenzi mpya hufuata mpangilio mwingine, kwa kuwa yeye huanza kazi kwanza ndipo aidhinishwe. Ukiweka safu hizo tatu na tarehe zake, jedwali lako litastahimili hata mwaka ambao bodi inaondoa pendekezo lake au mwenyekiti anakuja na kuondoka kati ya mkutano mmoja na mwingine.